Uwekaji wa alama za muda katika video ya mpira wa miguu

Uwekaji wa alama za muda katika video ya mpira wa miguu ni kazi ya kuandika, kwa kila tukio muhimu la mechi, sekunde ambayo tukio hilo linaonekana ndani ya faili la video. Tukio linaweza kuwa goli, penalti, kadi, kona au mpira uliookolewa na mlinda mlango. Orodha inayopatikana hutumika kukata vipande na kuviunganisha kuwa muhtasari wa mechi, bila mhariri kulazimika kuitazama mechi nzima upya.

Jijini Dar es Salaam kazi hii hufanyika katika viwango viwili. Mechi za Ligi Kuu zinazochezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa na Azam Complex ya Chamazi, vyote vikiwa Wilaya ya Temeke, au Uwanja wa KMC uliopo Mwenge, Wilaya ya Kinondoni, hurekodiwa na watangazaji wenye kamera nyingi na mitambo maalumu. Mechi za mchangani, maarufu kama ndondo, na mechi za akademi za vijana katika viwanja vya mitaa hurekodiwa kwa simu moja au kamera moja ndogo. Makala hii inaeleza zaidi kiwango hiki cha pili, kwa kuwa hapo mtu mmoja hufanya kazi yote kwa vifaa vya kawaida.

## Msingi wa kazi

Mechi ya dakika 90, pamoja na muda wa nyongeza, hutoa video ya zaidi ya saa moja na nusu. Muhtasari wake huwa wa dakika mbili hadi tano. Mhariri asiye na orodha hulazimika kuipitia video yote, kurudi nyuma, kukata na kujaribu tena, na kazi huisha usiku wa manane. Mwenye orodha sahihi hutazama sekunde zilizoandikwa tu.

Kwa hiyo kazi hugawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kuandika, nayo hufanyika uwanjani mchezo ukiendelea. Sehemu ya pili ni kukata, nayo hufanyika baadaye kwenye kompyuta. Ugumu hauko katika kukata, kwa sababu programu hufanya hivyo kwa sekunde chache. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba muda ulioandikwa uwanjani ni muda uleule uliomo ndani ya faili.

Utaratibu huu si mpya. Watengenezaji wa vipindi vya televisheni walianza kutumia namba za muda kwenye kanda za video tangu miaka ya 1970, ambapo kila fremu ilipewa namba ya saa, dakika, sekunde na fremu. Msaidizi alikaa pembeni na karatasi akiandika namba hizo, na mhariri alizungusha kanda hadi namba iliyoandikwa. Kinachofanyika leo kwa simu ni kazi ileile, ila simu haionyeshi namba ya pamoja ambayo mwandishi na kamera wanaweza kuitazama kwa wakati mmoja.

## Saa tatu za mechi moja

Tukio moja la mpira lina muda wa aina tatu, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya.

Ya kwanza ni saa ya mchezo. Hii huanza mwamuzi anapopuliza kipenga cha kwanza, na ndiyo inayotajwa watu wanaposema goli lilifungwa dakika ya 23. Ya pili ni saa ya faili. Hii huanza pale mpiga picha alipobonyeza kitufe cha kurekodi, iwe kabla ya kipenga au baada yake. Programu ya kukata inaijua saa hii pekee. Ya tatu ni saa ya ukutani, yaani saa ya siku.

Saa ya ukutani ina mtego wake kwa watumiaji wa Kiswahili. Tukio lililotokea saa 10:42 jioni kwa hesabu ya Kiswahili huonekana kwenye skrini ya simu kama 16:42. Ndani ya faili la MP4 muda wa kuundwa kwa faili kwa kawaida huandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wakati huohuo husomeka 13:42. Namba hizo tatu zote ni sahihi, lakini mtu anayezilinganisha bila kujua hudhani simu imeharibika. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya simu muda ulioandikwa ndani ya faili ni wa kumaliza kurekodi, si wa kuanza. Taarifa hiyo inaweza kusomwa kwa amri hii, ambayo pia hutoa urefu wa faili kwa sekunde:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration:format_tags=creation_time a1.mp4
```

Kwa sababu ya mtego huo, njia iliyo salama zaidi ni kuacha saa ya ukutani na kutumia stopwochi inayoanzishwa kwa kipenga. Kinachobaki ni kujua kipenga kinasikika kwenye sekunde gani ya faili. Tofauti hiyo kati ya mwanzo wa faili na kipenga huitwa hapa pengo la mwanzo. Kanuni ni moja:

```
muda wa faili = muda wa stopwochi + pengo la mwanzo
```

Pengo la mwanzo hutafutwa mara moja kwa kila kipindi. Mhariri hufungua video, husikiliza kipenga, na kuandika sekunde yake.

## Kuandika wakati mchezo ukiendelea

Mwandishi wa alama huwa tofauti na mpiga picha. Anayefuata mpira kwa kamera hawezi kuandika bila kuupoteza mpira. Mwandishi huhitaji stopwochi, karatasi na kalamu, au simu ya pili.

Kila mstari huwa na vitu vinne: kipindi, muda wa stopwochi, aina ya tukio, na mhusika. Kipindi ni lazima kiandikwe. Kipindi cha kwanza kikichezwa dakika 45 na nyongeza ya dakika tatu, na cha pili kikahesabiwa kuanzia dakika ya 45, basi muda 46:20 utakuwa na maana mbili. Unaweza kuwa ndani ya nyongeza ya kipindi cha kwanza au mwanzoni mwa kipindi cha pili. Njia rahisi ni kurudisha stopwochi kwenye sifuri kila kipindi kinapoanza na kuandika 1/46:20 au 2/01:20.

Mwandishi hutumia pia alama ya uzito, kwa mfano nyota moja hadi tatu. Nyota tatu ni tukio ambalo muhtasari haueleweki bila hilo, kama goli. Nyota mbili ni tukio zuri lakini linaloweza kuachwa. Nyota moja ni jambo la kukumbuka tu. Muhtasari ukizidi urefu unaotakiwa, mhariri huondoa nyota moja kwanza bila kubishana na mtu.

Mkono wa mwandishi huchelewa. Goli likifungwa, yeye huona, huangalia stopwochi, kisha huandika. Kwa kawaida sekunde mbili hadi tano zimekwisha pita. Ucheleweshaji huu hausahihishwi kwa kukisia kila mara. Husahihishwa kwa kuweka dirisha pana, yaani kukata kuanzia sekunde kadhaa kabla ya alama hadi sekunde kadhaa baada yake. Sekunde 15 kabla na 10 baada hutosha kwa magoli mengi, kwa kuwa huonyesha pasi ya mwisho, shuti na mwanzo wa shangwe. Goli lililoanzia kwenye shambulizi refu kutoka nyuma huhitaji sekunde 25 au 30 kabla.

Tukio lenye hatua mbili huhitaji alama mbili. Penalti ni mfano wazi. Kati ya faulo na pigo lenyewe hupita dakika nzima au zaidi, wachezaji wakimzonga mwamuzi. Alama moja ikiwekwa kwenye pigo, mtazamaji huona penalti bila kujua ilitokana na nini.

## Mfano wa mechi moja

Mfano huu ni wa mechi ya kubuni ya Jumapili jioni katika uwanja wa mtaa Temeke. Simu imefungwa juu ya stendi ya miguu mitatu upande wa katikati ya uwanja. Inarekodi kwa kiasi cha megabiti 17 kwa sekunde. Memori kadi yake imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kuhifadhi faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kwa kiasi hicho cha kurekodi, gigabaiti 4 hujaa baada ya dakika 33 na sekunde 40 hivi. Simu hufunga faili la kwanza na kuanza la pili bila kumwambia mpiga picha.

Kwa hiyo kipindi cha kwanza kinatoa mafaili mawili, `a1.mp4` na `a2.mp4`, na cha pili kinatoa `b1.mp4` na `b2.mp4`. Mpiga picha alianza kurekodi mapema, na kipenga cha kwanza kinasikika kwenye 2:14 ya `a1.mp4`. Kipindi cha pili kipenga kinasikika kwenye 0:48 ya `b1.mp4`. Haya ndiyo mapengo mawili ya mwanzo.

Orodha ya mwandishi ina matukio saba:

- 1/08:31, shuti lapanguliwa na mlinda mlango, nyota mbili
- 1/22:40, goli, nyota tatu
- 1/37:58, faulo ndani ya eneo la penalti, nyota tatu
- 1/39:06, penalti yaokolewa, nyota tatu
- 2/11:52, kadi nyekundu, nyota mbili
- 2/26:05, goli la kusawazisha, nyota tatu
- 2/40:30, goli la ushindi, nyota tatu

Goli la kwanza: 22:40 kujumlisha 2:14 ni 24:54. Muda huo uko ndani ya `a1.mp4`, ambalo lina urefu wa 33:40. Dirisha linaanza sekunde 15 kabla, yaani 24:39, na linadumu sekunde 25.

Pigo la penalti: 39:06 kujumlisha 2:14 ni 41:20. Hii inazidi urefu wa `a1.mp4`. Tukitoa 33:40 tunapata 7:40, nao ndio muda ndani ya `a2.mp4`. Dirisha linaanza 7:25. Faulo yake, kwa hesabu ileile, iko 6:32 na dirisha lake linaanza 6:17.

Goli la ushindi: 40:30 kujumlisha 0:48 ni 41:18. Tukitoa 33:40 tunapata 7:38 ndani ya `b2.mp4`. Dirisha linaanza 7:23.

Matukio yote saba yakihesabiwa hivyo, orodha ya kukata huandikwa kwenye faili la maandishi liitwalo `vipande.csv`. Kila mstari una namba, jina la faili, mwanzo, na urefu kwa sekunde:

```
01,a1.mp4,00:10:30,25
02,a1.mp4,00:24:39,25
03,a2.mp4,00:06:17,25
04,a2.mp4,00:07:25,25
05,b1.mp4,00:12:25,25
06,b1.mp4,00:26:38,25
07,b2.mp4,00:07:23,25
```

Vipande saba vya sekunde 25 ni sekunde 175, yaani muhtasari wa dakika 2 na sekunde 55.

## Kuhakiki kabla ya kukata

Kabla ya kukata chochote, hesabu hupimwa kwa kipenga cha mapumziko. Katika mfano huu mwandishi alikiandika 1/46:30. Kujumlisha 2:14 ni 48:44, na kutoa 33:40 ni 15:04 ndani ya `a2.mp4`. Mhariri hufungua faili hilo kwenye 15:04. Kipenga kikisikika hapo, au ndani ya sekunde mbili tatu za hapo, kipindi chote kinaaminika.

Tuseme kipenga kimesikika 14:19. Sekunde 45 zimepotea, na maana yake ni kwamba kamera haikurekodi kwa sekunde 45 mahali fulani. Huenda mpiga picha alisimamisha wakati mchezaji anatibiwa, au simu ilipigiwa. Mahali penyewe hupatikana kwa kupima tukio la katikati. Goli la dakika ya 22 likionekana mahali pake, lakini penalti ikaonekana sekunde 45 mapema, basi upotevu ulitokea kati ya hayo mawili. Mhariri huacha matukio ya mwanzo kama yalivyo na kupunguza sekunde 45 kwa matukio yaliyofuata.

Tofauti ndogo inayoonekana kuanzia `a2.mp4` tu ina sababu nyingine. Baadhi ya vifaa hupoteza muda mfupi wakati wa kufunga faili moja na kufungua lingine. Tofauti kama hiyo hufunikwa na upana wa dirisha, ila tukio likiangukia hasa kwenye mpaka wa mafaili, sehemu yake inaweza kuwa haikurekodiwa kabisa.

Mchoro wa sauti unaoonekana kwenye programu za kuhariri husaidia pia. Goli hufuatwa na kelele za mashabiki, na kelele hizo huonekana kama mlima mrefu kwenye mchoro. Kwenye mechi ya ndondo msaada huu ni mdogo, kwa sababu mshereheshaji, spika za muziki na mavuvuzela hufanya mchoro wote kuwa milima.

## Kukata vipande

Programu huria ya FFmpeg hutumika sana kwa kazi hii kwa kuwa hupokea muda kama maandishi. Kipande kimoja hukatwa hivi:

```
ffmpeg -ss 00:24:39 -i a1.mp4 -t 25 -c copy k02.mp4
```

Maneno `-c copy` yana maana kwamba picha inanakiliwa bila kuchakatwa upya. Kazi huisha karibu papo hapo hata kwenye kompyuta dhaifu, na ubora haupungui. Lakini njia hii ina kasoro inayotokana na jinsi video inavyohifadhiwa.

Video ya kawaida haihifadhi kila fremu kama picha kamili. Huhifadhi fremu kuu moja iliyo kamili, kisha fremu nyingi zinazoeleza mabadiliko tu kutoka fremu zilizo karibu nayo. Kipande hakiwezi kuanza katikati ya mabadiliko bila fremu kuu yake. Kwa hiyo programu hurudi nyuma hadi fremu kuu iliyotangulia. Matokeo yake ni kipande kinachoanza mapema kuliko kilivyoombwa, au kinachoanza na picha iliyoganda au nyeusi huku sauti ikiendelea, kutegemea programu inayokicheza.

Video za simu nyingi zina fremu kuu karibu kila sekunde moja, hivyo kasoro ni ndogo. Video zilizokwisha kubanwa na programu ya kuhariri zinaweza kuwa na umbali mkubwa zaidi. Umbali wa fremu 250 ni wa kawaida katika mafaili ya aina hiyo, nao kwa fremu 25 kwa sekunde ni sekunde 10 kamili. Ni rahisi kutambua: mpira unaganda hewani, sauti ya kipenga inasikika, kisha picha inaruka.

Dawa yake ni kuchakata upya kila kipande. Kwa muhtasari wa dakika tatu kazi hiyo huchukua dakika chache tu, na kipande huanza kwenye fremu iliyoombwa. Maelekezo yafuatayo husoma `vipande.csv`, hukata kila mstari, kisha huunganisha vyote:

```
rm -f orodha.txt
while IFS=, read -r namba faili mwanzo urefu; do
  ffmpeg -nostdin -y -ss "$mwanzo" -i "$faili" -t "$urefu" \
    -c:v libx264 -crf 20 -c:a aac "k$namba.mp4"
  echo "file 'k$namba.mp4'" >> orodha.txt
done < vipande.csv
ffmpeg -y -f concat -i orodha.txt -c copy muhtasari.mp4
```

Neno `-nostdin` ni la lazima hapa. Bila hilo FFmpeg husoma mistari ya `vipande.csv` kana kwamba ni vitufe vilivyobonyezwa na mtumiaji. Kipande cha kwanza hukatwa vizuri, kisha vingine hurukwa au majina yao huonekana yamekatwa herufi za mwanzo. Mstari wa kwanza, unaofuta `orodha.txt`, nao una kazi yake. Usipokuwapo na maelekezo yakaendeshwa mara ya pili, kila kipande huonekana mara mbili kwenye muhtasari.

## Makosa ya jedwali

Makosa kadhaa hutokea kabla ya FFmpeg kuanza, kwenye jedwali lenyewe. La kwanza ni muda usio kamili. Mtu akiandika 24:39 kwenye programu ya majedwali, programu inaweza kuelewa kuwa ni saa 24 na dakika 39, na ikihifadhi huandika 24:39:00. FFmpeg itatafuta sehemu iliyo mbali kupita mwisho wa faili na kutoa kipande kitupu. Kuandika 00:24:39 tangu mwanzo huondoa utata huo.

La pili ni mstari wa mwisho. Maelekezo yaliyo hapo juu hayachakati mstari ambao haukumalizwa kwa kitufe cha kuingiza mstari mpya. Katika mfano huu mstari wa saba ndio goli la ushindi, na muhtasari ungeishia sare ya 1–1. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Njia ya kulitambua ni kulinganisha idadi ya mafaili ya vipande na idadi ya mistari, kila mara.

La tatu ni alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari kwenye mafaili yaliyoandikwa kwa Windows. Alama hiyo hujiunga na namba 25, na FFmpeg hulalamika kuwa urefu haueleweki ingawa kwa macho unaonekana sawa. Faili likihifadhiwa upya kwa mfumo wa mistari wa Unix tatizo huisha.

## Kuunganisha vipande vya kamera tofauti

Amri ya mwisho ya kuunganisha hufanya kazi pale vipande vyote vinapofanana kwa ukubwa wa picha, kasi ya fremu na aina ya sauti. Simu mbili hazifanani mara nyingi. Moja hurekodi fremu 30 kwa sekunde na nyingine 25, au moja ilishikwa wima na nyingine imelala. Muhtasari huunganika bila malalamiko, lakini baada ya kipande cha simu ya pili sauti huanza kutangulia picha, au picha hubanwa. Vipande vya namna hiyo hupewa ukubwa na kasi moja wakati wa kuchakatwa, kwa kuongeza mstari huu ndani ya amri ya kukata:

```
-vf scale=1280:720 -r 25 -ar 48000
```

Mstari huu unafaa kwa video iliyorekodiwa simu ikiwa imelala, kwa uwiano wa 16 kwa 9. Video ya wima ikipitishwa hapo itapanuliwa hadi wachezaji waonekane wafupi na wanene.

Simu nyingi pia hubadilisha kasi ya fremu kadiri mwanga unavyopungua. Mechi zinazoanza saa 10 jioni huisha jua likikaribia kuzama, na kipindi cha pili kinaweza kuwa na fremu chache kwa sekunde kuliko cha kwanza. Kwa sababu hiyo alama huandikwa kwa dakika na sekunde, si kwa namba ya fremu.

## Alama ya mhusika

Muda ukiwa sahihi, bado jina linaweza kukosewa. Katika viwanja vya mitaa jezi huwa hazina namba wakati mwingine, au wachezaji wawili wanavaa namba moja. Kijana akitengenezewa video ya kumtambulisha kwa klabu, mwandishi hukusanya alama zote zenye jina lake kutoka mechi kadhaa na kuzikata kwa orodha moja. Alama moja iliyoandikwa kwa mchezaji mwingine humpa kijana huyo pasi ambayo hakuipiga, na kumnyima mwenzake. Kocha akiligundua kosa hilo anaweza kuitilia shaka video yote.

Waandishi makini kwa hiyo hupata orodha ya wachezaji kabla ya mechi, huandika alama ya kuwatofautisha kama rangi ya viatu au mkono wa jezi, na huweka alama ya kuuliza pale wasipokuwa na uhakika. Alama yenye ulizo hutazamwa kwanza kabla ya kukatwa. Wachezaji wakibadilishwa, muda wa kubadilishwa huandikwa, kwa sababu namba 9 wa kipindi cha pili anaweza kuwa mtu mwingine aliyevaa jezi ileile.

## Mipaka

Orodha ya alama haiwezi kurudisha kilichokosa kurekodiwa. Kamera ikiwa inafuata benchi wakati goli linafungwa, alama itaelekeza kwenye benchi. Vilevile orodha hukusanya yale tu ambayo mwandishi aliyaona kuwa matukio. Beki aliyesimama vizuri hadi mshambuliaji akaacha kupiga shuti hana sekunde ya kuandikwa, na muhtasari wa magoli na kadi humwacha nje.

Mafaili asilia na karatasi ya mwandishi huhifadhiwa baada ya muhtasari kutoka. Vipande peke yake haviwezi kuthibitisha kwamba faulo ilitangulia penalti au kwamba goli lilifungwa dakika iliyotajwa, kwa kuwa saa ya faili ya kila kipande huanza upya kwenye sifuri. Mechi ikilalamikiwa, ni video nzima pamoja na mapengo ya mwanzo ndivyo vinavyowezesha kurudi kwenye sekunde inayobishaniwa.